Mhudumu anasema "amefuta" posti na hailaiti za duka. Tutajuaje kama zimefutwa kweli au ziko akaivu?

DukaLaGomesi_Kisenyi
Habari zenu wana jukwaa. Nina swali la Instagram. Duka letu la gomesi na kanzu hapa Kampala lina ukurasa wenye wafuasi wa kutosha, na wateja wa kwanjula wengi hutupata kupitia huko. Tarehe 2 Aprili mhudumu mmoja aliambiwa asafishe ukurasa: aondoe nguo zilizokwisha na bei za zamani. Leo ni tarehe 24. Posti zilikuwa 212, sasa zinasomeka 171. Hailaiti ya "Gomesi" haipo kabisa. Ya "Kanzu" ipo lakini imepungua stori nyingi. Ya "Bei" iko salama. Tukimuuliza anasema "nilifuta, au nilificha, sikumbuki nilibonyeza nini." Picha nyingi kati ya hizo hatuna kwenye simu. Je, kuna namna ya kujua kilichofutwa na kilichofichwa, na zinarudishwaje?

Baba_Shamim
Pole nyabo. Ukiweka kitu akaivu, Instagram inakutunzia siku 30, baada ya hapo kinapotea. Umebakiwa na siku nane tu. Fanya haraka leo hii.

FundiSimu_Wandegeya
Baba Shamim, haraka inahitajika, ila saa unayoisema ni ya mahali pengine. Akaivu ya posti na ya stori haina ukomo. Kuna watu wana posti walizoziweka akaivu mwaka 2017, kitufe hicho kilipoanza, na ziko hadi leo. Siku 30 ni za kitu kilichofutwa, kile kinachokwenda kwenye folda inayoitwa Recently deleted. Ndani ya akaivu, kinachohesabiwa siku 30 ni video za moja kwa moja peke yake, zile za Live archive.

Dada wa gomesi, usianze na hesabu ya posti kwenye profaili. Ile namba inashuka ukifuta na inashuka vilevile ukiweka akaivu, kwa hiyo 41 zilizopungua hazikwambii lolote kuhusu njia iliyotumika. Angalia sehemu mbili.

Ya kwanza: fungua profaili ya duka, bonyeza mistari mitatu juu kulia, kisha Archive. Juu kabisa kuna jina la akaivu lenye mshale mdogo. Mara nyingi inafungukia Stories archive, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakisema posti hazipo. Bonyeza ule mshale, chagua Posts archive. Zilizofichwa zote ziko hapo.

Ya pili: mistari mitatu tena, Your activity, halafu Recently deleted. Humo zimepangwa kwa aina: posti, rili, stori. Kila picha ina namba ya siku zilizobaki kabla haijaondoka moja kwa moja. Kama alifuta tarehe 2, leo utaona takriban siku 8.

Jumlisha ulichokikuta sehemu zote mbili. Ikifika 41, umezipata zote.

MwanaArua
Hata mimi gumzo nilizoweka akaivu zinarudi zenyewe juu mtu akiniandikia. Labda mteja akiwaandikia zitarudi?

Mzee_Mengo
MwanaArua, hiyo ni WhatsApp mwanangu. Huku wanazungumzia picha za Instagram. Mteja aandike hata barua ya kurasa tatu, gomesi haitatoka akaivu.

MwanaArua
Sawa mzee. Ila hizo za WhatsApp mbona zinarudi zenyewe wakati nimeshazificha?

Mzee_Mengo
Nenda kwenye mipangilio ya gumzo, washa Keep chats archived. Zitatulia. Tuwaachie wenye uzi uzi wao.

Kasese_Digital
Nakubaliana na Fundi. Niongeze tofauti ambayo ina uzito kwa mtu wa biashara. Posti ikiwekwa akaivu inabaki na likes zake, maoni yake na tarehe yake. Ukiirudisha kwa Show on profile, inakaa palepale ilipokuwa kwa mpangilio wa tarehe. Haipandi juu kama posti mpya na wafuasi hawapati taarifa. Kwa hiyo usitegemee kuirudisha posti ya gomesi ya mwaka juzi ili ionekane leo. Itarudi mwaka juzi, chini kabisa, na mteja lazima ateremke aifikie.

Jambo la pili ni viungo. Kama mliwahi kumtumia mteja kiungo cha posti kwa WhatsApp, wakati posti iko akaivu yeye akibonyeza anaambiwa ukurasa haupatikani. Ukiirudisha, kiungo kilekile kinafanya kazi tena. Mkifuta na kupakia picha ileile upya, hiyo ni posti nyingine yenye kiungo kingine, na maoni yote ya "bei gani?" na majibu yenu yamekwenda.

BintiJinja
Mimi nauza keki na nilipata hali kama hii, ila kwangu posti zote zilikuwa akaivu. Nilichoona ni kwamba kuzirudisha moja moja kunachosha. Je, kuna njia ya kuchagua nyingi kwa pamoja?

Kasese_Digital
Binti, kuficha nyingi kwa pamoja kupo. Your activity, kisha Posts, bonyeza Select, weka alama kwenye zile unazotaka, halafu chini utaona Archive na Delete vimekaa jirani. Nadhani hapo ndipo mhudumu wa duka alipochanganya, kwa sababu vitufe hivyo viwili viko kwenye mstari mmoja na simu ndogo inavibana. Kurudisha, mimi hupita moja moja: fungua posti ndani ya akaivu, nukta tatu, Show on profile.

DukaLaGomesi_Kisenyi
Asanteni sana. Nimeangalia. Posts archive ina 29. Recently deleted ina 12, na zinaonyesha siku 8 kama alivyosema Fundi. Jumla 41! Kwa hiyo posti zote zipo. Hizo 12 nimejaribu kurudisha moja, imeniomba namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Simu yenyewe ni ya mfanyakazi aliyeondoka mwaka jana.

FundiSimu_Wandegeya
Hapo ndipo penye kazi. Tangu folda hiyo ilipoanzishwa Februari 2021, Instagram inaweza kukutaka uthibitishe kuwa wewe ndiye mwenye akaunti kabla ya kurudisha kitu au kukifuta moja kwa moja. Imewekwa makusudi, kwa sababu wezi wa akaunti walikuwa wakiingia na kufuta kila kitu. Akaivu haiombi namba hiyo, ndiyo maana zile 29 zitarudi bila shida.

Kwa zile 12 fanya hivi. Angalia kama kuna anwani ya barua pepe kwenye akaunti. Ingia Accounts Center, sehemu ya Personal details, kisha Contact info. Kama barua pepe ya duka imo na mnaweza kuifungua, kwenye ukurasa wa uthibitisho chagua namba itumwe huko badala ya kwenye simu. Kama haimo, iongezeni, na namba mpya ya duka pia, huku mkiwa bado mmeingia ndani ya akaunti. Fanyeni kwenye simu iliyozoeleka, ile ambayo mhudumu huitumia kila siku, kwa mtandao uleule. Ukibadilisha simu, mtandao na namba kwa siku moja, mfumo unakuona kama mwizi.

Dereva_Malaba
Na VPN izimeni kwanza. Watu wengi hapa Uganda tunaishi na VPN imewashwa kwa sababu ya Facebook kufungwa tangu Januari 2021. Instagram yenyewe inafunguka bila VPN, lakini mtu anaisahau imewashwa, akaunti inaonekana iko Uholanzi asubuhi na Marekani jioni. Uthibitisho unakuwa mgumu bure.

Baba_Shamim
Hilo la VPN ni kweli kabisa. Ila kuna wanaoingia Instagram kwa kupitia akaunti ya Facebook. Hao wakizima VPN hawaingii.

FundiSimu_Wandegeya
Ni kweli, Baba Shamim. Kwa hao dawa ni kuiwekea Instagram nenosiri lake lenyewe ukiwa bado uko ndani, ili kuingia kusitegemee Facebook tena. Lakini msitoke kwenye akaunti kabla hamjahakikisha nenosiri jipya linakubali kwenye simu ya pili. Mtu akitoka kwa pupa anaweza kukaa nje wiki nzima, na zile siku 8 zinaendelea kupungua. Saa ile iko kwenye seva zao, haisimami kwa sababu wewe huna intaneti. Mnakumbuka intaneti ilivyozimwa nchi nzima kuanzia tarehe 13 hadi 18 Januari 2021. Kitu kilichobakiwa na siku nne kikikutwa na hali kama ile, kinakwisha ukiwa unakitazama tu simuni.

DukaLaGomesi_Kisenyi
Barua pepe ya duka ilikuwemo. Namba imekuja huko, na 12 zote zimerudi kwenye profaili. Mungu awabariki. Sasa hailaiti. "Gomesi" ilikuwa na stori karibu 60 za miaka mitatu. Kwenye Recently deleted sioni hailaiti yoyote.

Kasese_Digital
Hautaiona, dada. Hailaiti ikifutwa haiendi kwenye folda ile. Lakini usihuzunike kabla ya wakati, kwa sababu hailaiti haina picha ndani yake. Ni henga tu. Gomesi yenyewe iko kabatini, na kabati ni Stories archive. Mtu akishikilia duara la hailaiti na kuchagua Delete highlight, kinachoondoka ni jina, kava na orodha ya stori zilizochaguliwa. Stori zenyewe zinabaki akaivu, mradi zilihifadhiwa huko tangu mwanzo.

Kuijenga upya: nenda Archive, hakikisha uko Stories archive. Juu utaona njia tatu za kuzitazama: mpangilio wa kawaida, kalenda, na ramani. Tumia kalenda. Kila siku mliyoweka stori ina kipicha kidogo juu ya tarehe. Kwa duka la gomesi misimu inajulikana, miezi ya kwanjula nyingi ndiyo yenye picha nyingi, kwa hiyo andika kwanza kwenye karatasi tarehe zenye stori unazozitaka. Ukishazijua, rudi kwenye profaili, bonyeza duara la New, weka alama kwenye stori moja moja, Next, andika jina "Gomesi", chagua kava, maliza. Hailaiti moja inabeba stori 100, kwa hiyo 60 zinaenea.

Ukisahau baadhi, shikilia duara, Edit highlight, nenda kwenye orodha ya stori zako zote na uongeze. Huhitaji kuanza upya.

BintiJinja
Je, wafuasi wataziona kama stori mpya? Naogopa wateja waje kuulizia bei ya 2022.

Kasese_Digital
Hapana, haziingii kwenye safu ya stori mpya juu ya ukurasa wa mwanzo, na hakuna anayepata taarifa. Ila hofu yako ya bei ina msingi: anayefungua hailaiti anasoma kilichoandikwa juu ya picha, na stori ya zamani huwezi kuhariri maandishi yake. Yenye bei iliyopitwa usiiweke kwenye hailaiti, iache akaivu. Hapo ndipo akaivu inapofaa kuliko kufuta.

Mzee_Mengo
Orodha ya waliotazama inarudi?

FundiSimu_Wandegeya
Majina ya waliotazama yanaonekana saa 48 tangu stori ilipowekwa, basi. Baada ya hapo hayapo, iwe imo kwenye hailaiti au akaivu. Kuijenga hailaiti upya hakuyarudishi. Anayetaka kujua nani aliulizia nguo gani, aangalie meseji.

DukaLaGomesi_Kisenyi
Nimefuata kalenda ya Kasese. "Gomesi" imesimama tena, nimepata 57. Sasa "Kanzu" ndiyo inanitatiza. Hailaiti ipo, jina lipo, lakini stori zimebaki 9 kutoka kama 25. Kwenye Recently deleted upande wa stori nimekuta 10, nimezirudisha. Zimeonekana Stories archive. Hizo 6 nyingine hazipo akaivu wala Recently deleted. Zimekwenda wapi?

Baba_Shamim
Hapa najua. Zilitolewa tu kwenye hailaiti. Mtu akifungua stori ndani ya hailaiti, akabonyeza More, kuna Remove from highlight. Haifuti.

FundiSimu_Wandegeya
Remove from highlight haifuti stori iliyo akaivu, hilo ni sahihi, na ndiyo njia salama. Lakini kama zingetolewa hivyo tu, dada angezikuta kwenye Stories archive. Hazipo. Zile 10 alizozikuta Recently deleted zinaonyesha mhudumu alifuta stori zenyewe. Ukifuta stori kutoka akaivu, inaondoka pia kwenye kila hailaiti iliyokuwamo, kwa sababu kitu chenyewe ndicho kilichoondoka. Ndiyo maana "Kanzu" ilipungua huku duara lake likibaki.

Kwa zile 6 nadhani ni swichi. Nenda mipangilio, tafuta Archiving and downloading, tazama Save story to archive. Kama ilikuwa imezimwa siku zile stori zilipowekwa, hazikuwahi kuingia akaivu. Stori ya namna hiyo ikifutwa inakaa Recently deleted kwa saa 24 tu, si siku 30. Tarehe 3 Aprili zilikuwa zimeshaondoka.

Kasese_Digital
Fundi, inawezekana, lakini dada aseme: hizo 6 zinafuatana tarehe au zimetawanyika? Swichi ikizimwa, zinapotea za kipindi kizima. Ingekuwa swichi, kalenda ingeonyesha wiki au mwezi mtupu.

DukaLaGomesi_Kisenyi
Swichi sasa imewashwa. Tarehe kamili sikumbuki, ila najua mbili zilikuwa za Desemba na moja ya kipindi cha Idd. Desemba kwenye kalenda ina stori nyingine.

Kasese_Digital
Basi zimetawanyika. Swichi haielezi zote. Mimi nauliza kuhusu muziki. Stori za kanzu mara nyingi zinawekewa nyimbo za harusi. Kuna wakati Instagram yenyewe inaondoa stori kwa sababu ya haki za wimbo, na iliyoondolewa na wao haiji kwenye Recently deleted yako. Angalia Account Status kwenye mipangilio, kama kuna kitu kiliondolewa kitaorodheshwa hapo. Angalia pia taarifa za zamani.

Dereva_Malaba
Au ziliwekwa kutoka akaunti nyingine. Simu ya duka ikiwa na akaunti mbili, ya duka na ya mhudumu, mtu anaweka stori upande mmoja na kui-share upande wa pili. Ile asili ikifutwa kule, huku inabaki bila kitu. Bonyeza jina la akaunti juu ya profaili uone kama kuna nyingine.

BintiJinja
Au mhudumu aliingia Recently deleted akafuta tena humo. Aliambiwa asafishe, huenda alisafisha na ndoo ya taka.

FundiSimu_Wandegeya
Ya Binti ni nzito. Ukifuta ukiwa ndani ya Recently deleted, hapo ni mwisho, hakuna folda ya tatu. Lakini hapo pia huombwa uthibitisho, na namba ilikuwa inakwenda kwa mfanyakazi aliyeondoka.

BintiJinja
"Huombwa" si "lazima iombwe". Dada aliombwa kwa sababu ni simu mpya labda. Mhudumu kwenye simu yake ya kila siku huenda hakuulizwa.

DukaLaGomesi_Kisenyi
Nilitumia simu yangu, si ya mhudumu. Na akaunti ya pili ipo kwenye simu yake, ya kwake binafsi. Account Status inaonyesha stori moja iliondolewa kwa ajili ya muziki, Machi. Sijui kama ni kati ya zile sita.

Kasese_Digital
Basi moja labda imepata jibu. Tano bado.

Mzee_Mengo
Hapa kila mmoja ana mwizi wake. Mimi nauliza la kazi: zile 10 alizozirudisha, zimeingia kwenye "Kanzu" zenyewe au anaziweka kwa mkono?

Baba_Shamim
Zinarudi zilipokuwa. Ndiyo maana ya kurudisha.

FundiSimu_Wandegeya
Zinarudi akaivu, hilo dada amelishuhudia. Kama zinajiunga na hailaiti zenyewe, nisiseme kwa niaba ya kila simu. Afungue "Kanzu" ahesabu. Zikiwa 19, zimejiunga. Zikiwa bado 9, Edit highlight, aziweke alama.

DukaLaGomesi_Kisenyi
Bado ni 9. Naziongeza.

BintiJinja
Kwangu mpangilio ndani ya hailaiti uliharibika nilipoongeza za zamani. Nilitaka keki ya kwanza iwe ya kwanza, ikaja katikati.

Kasese_Digital
Kwa nilivyoona, zinajipanga kwa tarehe stori ilipowekwa awali, hata ukiiongeza leo.

Dereva_Malaba
Ninavyoona mimi ni kinyume. Zinafuata mpangilio ulivyoweka alama. Ukiweka alama ya Desemba kwanza, inatangulia.

Kasese_Digital
Dereva, labda ni wakati wa kuunda mara ya kwanza. Kwa kuongeza baadaye sijaona hivyo.

Dereva_Malaba
Dada ataona mwenyewe leo, atuambie.

Mzee_Mengo
Kuna jambo lingine wengine wanaopita hapa watahitaji. Je, stori za 2016 zinapatikana? Duka la ndugu yangu lilianza wakati stori zilipoanza.

FundiSimu_Wandegeya
Stori zilianza Agosti 2016, akaivu ya stori na hailaiti zikaja Desemba 2017. Kabla ya hapo stori ilikuwa inakwisha baada ya saa 24 na haihifadhiwi upande wako popote. Kwa hiyo kalenda ya ndugu yako, mzee, itaanza mwishoni mwa 2017 hata akirudi nyuma kiasi gani. Za kabla yake azitafute kwenye simu za zamani, kama alikuwa anabonyeza kuzihifadhi kwenye picha zake.

DukaLaGomesi_Kisenyi
Kuna njia ya kuzitoa zote zikae kwenye kompyuta ya duka, ili hata mtu akifuta tena tusikimbizane na siku?

Kasese_Digital
Ipo. Accounts Center, Your information and permissions, halafu ile ya kupakua au kusafirisha taarifa zako; jina limebadilika badilika. Chagua akaunti ya duka. Watakuuliza taarifa zote au sehemu tu: chagua sehemu, weka alama kwenye posti na stori. Kipindi weka kuanzia mwanzo hadi leo, ubora wa picha uwe wa juu, na aina ya faili chagua HTML, maana ndiyo inafunguka kwa kivinjari bila fundi. Wanaandaa, wanakutumia taarifa kwa barua pepe. Faili likiwa tayari lipakue mara moja, halikai hapo muda mrefu. Na lina picha nyingi, kwa hiyo tafuta WiFi, usilishushe kwa data ya simu.

Msifanye leo kabla ya kumaliza kuongeza zile 10. Faili linachukua hali ilivyo wakati wa kuomba.

Baba_Shamim
Na hizo zilizo akaivu zinaingia kwenye faili, au zinazoonekana tu?

FundiSimu_Wandegeya
Zilizo akaivu zinaingia, kwa kuwa bado ni zako kwenye akaunti. Hailaiti zisimtegemee mtu kwenye faili lile kama mpangilio. Apate picha, majina ya makundi ajiandikie mwenyewe kwenye kabrasha la kompyuta.

Dada, na kwa mhudumu: mwambieni neno moja, Delete haitumiki kwenye ukurasa wa duka. Nguo imekwisha? Archive. Stori haifai kwenye hailaiti? Remove from highlight. Kama kuna cha kufuta kweli, mwenye duka afute.

DukaLaGomesi_Kisenyi
Nimeongeza zile 10, "Kanzu" ina 19. Dereva na Kasese: za Desemba zimekaa mwisho, na niliziwekea alama mwanzo. Lakini ya Idd, ambayo ni ya zamani kuliko zote, imekaa katikati.

Dereva_Malaba
Sasa hiyo haimfuati Kasese wala mimi.

Kasese_Digital
Ya Idd ilikuwa kati ya zile 10 za Recently deleted?

DukaLaGomesi_Kisenyi
Ndiyo, ila si ile ya Idd niliyokuwa naitafuta. Hii ni nyingine ya siku hiyohiyo. Ile bado haipo.

BintiJinja
Muulize mhudumu afungue akaunti yake binafsi, aende Stories archive, kalenda, siku ya Idd.

DukaLaGomesi_Kisenyi
Yuko njiani kutoka Masaka, anafika jioni. Nitaandika hapa.